JAMAA WA MISHAHARA AMEPANGUSIA UKWAJU KWENYE TAARIFA YANGU YA MKOPO!!!

MtuWaShimanzi

Herufi kubwa mtanisamehe, damu inachemka. Nyote mnamjua. Kila ofisi hapa Mombasa inaye mmoja: kalamu mbili mfukoni na zote hazina wino, ukimuuliza jambo la mshahara anakukodolea macho utadhani umemwomba figo.

Basi nimetoa taarifa yangu ya Helb, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Nimeichapisha kwa pesa zangu, kurasa tatu, nikaipeleka mezani kwake kwa adabu zote, shikamoo juu. Nikamwonyesha: Desemba salio 148,500. Leo 170,480. Januari, Februari, Machi, Aprili, kila mwezi mshahara wangu umekatwa 3,000, hati za mshahara ninazo zote nne. Kwenye taarifa ya mkopo, miezi hiyo minne hakuna hata senti iliyoingia! Zipo riba na faini tu, riba na faini, mpaka chini.

Yeye alikuwa anakula viazi karai. Hakuinua uso. Akaichukua karatasi yangu, nikadhani anaisoma. AKAPANGUSIA VIDOLE. Ukwaju umeingia kwenye mstari wa salio, 170,480 imekuwa rangi ya kahawia. Kisha ananiambia, "Wewe si ndiye uliyekula mkopo? Mbona hukuja kulalamika wakati unakula?"

Kampuni nzima imecheka. Mlinzi wa getini amecheka, na yeye hata hakuwa ndani. Nadhani meli zilizotia nanga Kilindini nazo zimecheka.

Vidole, jamani. Na kitambaa cha mezani kilikuwapo, nilikiona kwa macho yangu. Riba imenimaliza, deni linapanda kila nikikatwa, na mtu anapangusia ukwaju!

BintiMakupa

Pole kaka, lakini nimecheka. Ukwaju kwenye salio, huenda ungelifuta kabisa tukasikia habari njema.

Kadzo_wa_Rabai

Usijali hata kidogo. Sheria iko wazi, mwajiri akikata asipopeleka faini ni yake yeye, elfu tano kila mwezi. Wewe hudaiwi kitu. Lala usingizi.

MtuWaShimanzi

Nilale vipi na hizo elfu tano ziko kwenye karatasi YANGU? Chini ya ukwaju lakini zinasomeka.

MamaZuhura

Salaam wanangu. Mimi kijana wangu kamaliza kidato cha nne, huo mkopo waombwa vipi na ni lazima mtu awe na kiwanja?

MzeeWaHesabu

Nimeshika daftari za mishahara miaka mingi kabla sijastaafu, ngoja niseme kidogo.

Kadzo, umechanganya faini mbili. Ile ya 5,000 kwa mwezi humwandama mkopaji ambaye malipo yake hayaonekani, na kompyuta ya bodi haijui kwamba wewe ulikatwa. Inajua kilichoingia tu. Mwajiri ana faini yake, asilimia 5 kwa mwezi ya pesa alizokaa nazo. Kwa 3,000 hiyo ni shilingi 150. Sasa pimeni wenyewe: aliyekalia pesa 150, aliyekatwa 5,000.

Na wewe wa Shimanzi, umekasirikia mstari ambao hauna makosa makubwa. Riba ya Helb ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwa 148,500 hiyo ni 5,940 kwa mwaka, yaani 495 kwa mwezi. Minne ni 1,980. Faini nne ni 20,000. Jumlisha na salio la Desemba, unapata 170,480 yako kamili. Kwa hiyo taarifa imejumlishwa sawasawa, na hakuna mtu aliyekuibia kwenye hesabu.

Kama zile 3,000 zingefika kila mwezi, riba ingekuwa inashuka pole pole, 495, halafu 487, 478, 470, na leo ungekuwa na karibu 138,430. Tofauti ni 32,050. Humo, 12,000 ni pesa zako ulizokatwa, 20,000 ni faini, na riba iliyozidi ni kama shilingi 50 tu. Nauli ya matatu.

Pwani_Tulivu

Riba ni riba hata ikiwa shilingi hamsini, mzee. Tusihalalishe.

MzeeWaHesabu

Sijahalalisha, nimepiga hesabu.

MtuWaShimanzi

Mzee shukrani, nimekuelewa, lakini hujaniambia lolote kuhusu vidole. Mtu mzima, ana watoto, anapangusa mchuzi kwenye karatasi yenye nambari yangu ya kitambulisho!

MzeeWaHesabu

Hiyo nambari ya kitambulisho ndiyo nilikuwa naijia.

Mwajiri hatumi pesa yako peke yako. Anatuma kwa mkupuo mmoja pamoja na orodha: jina, nambari ya kitambulisho, kiasi. Pesa hugawanywa kwa ile nambari, jina ni la kusomea tu. Tarakimu moja ikikosewa, kampuni imelipa kweli na risiti inayo, lakini 3,000 yako inaning'inia bila mwenyewe. Hilo ni jambo la kwanza. La pili ni kwamba pesa haikutoka kabisa, imelipa dizeli ya malori.

Kuyatenganisha ni rahisi. Tafuta mwenzako wa ofisi hiyo hiyo anayekatwa kama wewe, mtazame taarifa yake miezi ile ile. Yake ikiwa imeingia, kosa liko kwenye mstari wako. Yake nayo ikiwa tupu, hakuna kilichotumwa. Mei usiihesabu bado, mwajiri ana hadi tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na leo ndiyo kwanza tunaingia Juni.

MtuWaShimanzi

Nimempigia mwenzangu wa stoo sasa hivi. Yake Januari na Februari zimeingia, 3,000 na 3,000. Machi na Aprili hakuna. Hii ina maana gani?

BintiMakupa

Ina maana na yeye akapangusiwe.

MzeeWaHesabu

Ina maana una magonjwa mawili. Januari na Februari kampuni ilituma, na mstari wako ulikuwa na kasoro au haukuwamo. Machi na Aprili haikutuma ya mtu yeyote, au ilituma pesa bila orodha, jambo ambalo kwako ni lile lile. Usiende kudai yote minne kwa pamoja, atakutolea risiti ya Januari akupungie usoni na wenzako wacheke tena.

Mwombe orodha ya Januari, ukurasa wenye jina lako. Linganisha nambari na kitambulisho chako, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imekosewa, kampuni inaandikia bodi barua, inaambatisha orodha na risiti, na kuomba pesa zihamishiwe kwako. Barua hiyo lazima itoke kwa kampuni, si kwako, kwa sababu aliyelipa ni yeye. Kuhusu Machi na Aprili, peleka hati zako za mshahara na taarifa kwenye meza ya Helb pale Huduma Centre, uandikishe malalamiko, na uondoke na nambari ya malalamiko.

Kadzo_wa_Rabai

Halafu mahakama ilishasema mwaka 2022 deni la Helb riba na faini zisipite mkopo wenyewe. Kwa hiyo atafutiwa hizo faini.

MzeeWaHesabu

Hukumu hiyo ipo, Mahakama Kuu, na ni nzuri kwa wale deni lao limevimba miaka kumi na tano. Huyu faini zake ni 20,000 juu ya zaidi ya laki. Hajafika hata karibu na huko.

MtuWaShimanzi

Sasa nikithibitisha nilikatwa, hizo 20,000 zinatoka?

MzeeWaHesabu

Nimeona walioondolewa baada ya kupeleka ushahidi, na nimeona waliozungushwa mpaka wakachoka wakalipa. Sitakuahidi. Ila bila zile hati nne za mshahara huna la kuongea, kwa hiyo zitunze mbali na meza ya bwana huyo.

Pwani_Tulivu

Sheria ya ajira inasema mwajiri akikata pesa asizipeleke ni kosa la jinai. Mpeleke polisi wa bandari.

BintiMakupa

Polisi wa bandari wamkamate kwa ukwaju? Kwanza nenda ofisi ya kazi, ndugu yangu. Na ukimshtaki bosi wako kesho utakuwa unatafuta kazi Kongowea kubeba vitunguu, tuseme ukweli. Mimi nilikaa kimya mwaka mzima, michango ya uzeeni haikwenda. Nikaja kujua siku naacha kazi.

MtuWaShimanzi

Kwa hiyo ninyamaze? Alivyovisugua! Kidole cha shahada kwanza, kisha gumba. Taratibu, kama ana siku nzima.

Mswahili_wa_Tudor

Wewe unalia na 3,000 iliyopotea? Mimi wameniongezea makato bila kuniuliza. Kulikuwa na chama cha akiba na mikopo, nikajitoa kwa barua, barua imepokelewa na mhuri, bado nakatwa. Nikiuliza naambiwa mfumo. Mfumo ni nani? Anakaa wapi nimtembelee?

Kadzo_wa_Rabai

Kwani bado wanakata? Sheria iko wazi, theluthi mbili ya mshahara hawawezi kupita.

Mswahili_wa_Tudor

Hawajapita theluthi mbili, Kadzo. Wamepita adabu.

BintiMakupa

Chama gani hicho, kile cha ghorofa ya pili chenye lifti mbovu? Walinifanyia vivyo hivyo. Fomu ya kujitoa ukiijaza lazima iende ofisi yako ya mishahara NA kwao. Ukipeleka upande mmoja tu wanaendelea kukata milele.

Mswahili_wa_Tudor

Nilipeleka kwao tu! Hakuna aliyenitajia ofisi ya mishahara.

MamaZuhura

Jamani na mimi nijibiwe. Kijana anaitwa chuo Septemba, na kiwanja tulichonacho Mtwapa ni cha marehemu baba yake, hati haijabadilishwa jina.

MzeeWaHesabu

Bi Zuhura, kiwanja hakihitajiki. Wanataka vitambulisho vya wazazi, na wadhamini, na kwa baba aliyefariki, cheti cha kifo. Aombe mapema, asingoje wiki ya mwisho.

MamaZuhura

Ahsante sana mzee. Cheti hicho tulifuatilia, jina limeandikwa kwa herufi moja pungufu. Wanasema nirudi.

Mswahili_wa_Tudor

Mama, hao ni wale wale wa "mfumo". Andika uzi wako, tutakuja.

Pwani_Tulivu

Huo wa vyeti ufunguliwe kweli, mimi cha kwangu cha kuzaliwa kinasema nimezaliwa miaka miwili baada ya mdogo wangu.