Picha ya Bibi na Kibo

Neema: Shikamooni wazee wangu, na ndugu wengine habari za jioni. Ninaitengeneza picha ya Bibi akitazama kando, nikitaka Kibo kionekane ndani ya kichwa chake, lakini mlima umetokea usoni tu. Kichwani hakuna kitu, na ukutani nyuma yake umebaki mzuka hafifu wa mlima. Nimekosea wapi?

Joseph: Punguza Opacity ya picha ya juu ifike nusu, basi. Mimi hufanya hivyo siku zote.

Elia: Joseph, zitachanganyika kweli, ila zote mbili zitafifia kama zinazotazamwa kupitia ukungu. Neema, kama unatumia programu ya GIMP, tabaka la mlima likae juu bila kupunguzwa, kisha Mode yake iwe Screen. Hapo mwanga huongezeka tu: penye giza mlima huonekana ulivyo, na penye weupe hauonekani kabisa. Bibi amejifunga nini kichwani?

Neema: Kilemba cheupe cha kanisani! Na hiyo Screen ndiyo niliyotumia.

Shangazi Ruth: Sasa mnataka kumvua mama yangu kilemba? Hapigwi picha kichwa wazi.

Elia: Shikamoo Shangazi. Havuliwi, kwa sababu hata mvi zake zingeukataa mlima vilevile. Tunaomba abadilishe tu, ajifunge cha rangi iliyokolea, akae barazani mbingu ikiwa nyuma yake.

Baba Mdogo: Kamera yangu ya zamani iliwahi kukwama bila kusogeza filamu, stendi ya mabasi ikatokea ndani ya koti jeusi la bwana harusi, huku gauni la bibi harusi likibaki safi kabisa. Nikamlaumu bure fundi aliyesafisha ile filamu.

Elia: Ni jambo lilelile, Baba Mdogo. Koti halikuwa limepeleka mwanga kwenye filamu, kwa hiyo stendi ilipata nafasi. Gauni lilikwisha kuijaza. Neema, ule mzuka unatokana na ukuta unaoonekana mweupe ilhali si mweupe kamili. Ukiupima ukakuta 228, fungua Levels kwenye tabaka la Bibi na uvute alama ya kulia ya Input hadi 228, ukuta ufike 255, yaani weupe kamili. Usivute zaidi ya hapo, mashavu yasije yakaungua. Halafu msitu wa chini ya mlima uupitishe kwenye pua na kidevu, maana mbingu nyeupe ikiangukia hapo pua itayeyuka.

Shangazi Ruth: Jicho lake lisifunikwe na miti.

Joseph: Mimi ningeliacha lifunikwe, ndipo inapokuwa sanaa.

Elia: Miti ya hapo ikifutwa kwa Layer Mask jicho litabaki wazi, amueni wenyewe.

Neema: Nimemwuliza Bibi. Cheusi amekikataa, anasema ni cha msiba. Ana kitenge cha kijani kilichokolea, chenye maua ya njano.

Elia: Kijani kitafaa, lakini maua yatatoboa mlima. Mwombe akigeuze upande ambao maua yamefifia, kama upo.

Shangazi Ruth: Kitenge kigeuzwe ndani nje, siku ya picha?