Naomba ushauri: matriki ya D inakataa kuwa ya ulalo

Wakuu, habari. Nina polinomia za digrii isiyozidi 2, besi ni 1, x, x². D inatafuta dirivativu: 1 inatoa 0, x inatoa 1, x² inatoa 2x. Nikipanga majibu kwenye safuwima:

```
0 1 0
0 0 2
0 0 0
```

Thamani aigeni zinatoka λ³ = 0, yaani 0 tu, mara tatu. Lakini p' = 0 inakubali namba tupu peke yake, hivyo napata vekta moja wakati besi inadai tatu. Nikibadili x² kuwa x²/2, ile 2 inakuwa 1, basi.

Hapo sina ubishi. Kinachonisumbua ni x·p': besi ileile, na ulalo unatoka safi, 0, 1, 2. Kuzidisha kwa x kunarekebisha nini hasa? Ni kwa sababu digrii haishuki?