Mke mmoja, wake wengi au mume zaidi ya mmoja: mali ya nyumba inakaaje?

Mkazi wa Nkuhungu: Wadau, mimi na mwenzangu tunataka kufunga ndoa bomani hapa Dodoma. Mjomba anasema tuchague ya wake wengi tu "usijifunge mapema", shangazi naye hataki hata kusikia. Sitaki mahubiri, nataka kujua kila mfumo mali inakaaje, shamba na mifugo hasa.

Dereva wa Kizota: Bomani ni mke mmoja mpaka kufa, ukishasaini haibadiliki. Na ya wake wengi mke mkubwa asipokubali hakuna ndoa ya pili, simple.

Bi Mwanasheria: Dereva umepatia nusu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ya Kiislamu au ya kimila inachukuliwa kuwa ya wake wengi, nyingine zote ya mke mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ya bomani inabadilika, ila lazima wote wawili mtamke kwa hiari mbele ya hakimu, kwa maandishi. Ya kanisani haibadilishwi maadamu bado ni Wakristo. Na mke mkubwa hana veto, ana haki ya kuweka pingamizi. Taarifa ya ndoa inatolewa siku 21 kabla, kwa hiyo muda upo, na anaweza kusema kipato cha mume hakitoshi, yeye na watoto wataumia. Sasa hiyo lazima aionyeshe, kusema tu "sitaki" hakutoshi. Wakishakuwa wawili wana haki sawa kisheria, hakuna mkubwa wala mdogo.

Mjukuu wa Mvumi: Kwetu Wagogo zamani sheria ilikuwa zizini. Babu alikuwa na wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, shamba lake la uwele, na ng'ombe aliotengewa akamue alishe wanae. Ng'ombe wote ni wa mzee ukiuliza nje, lakini ndani kila nyumba inajua wake. Tuseme wako 30, nyumba ya bibi mkubwa ina 18 na ya mdogo 12. Mzee akifa, watoto wa mama mmoja wanarithi wa nyumba yao, hawaendi kudai kwa wenzao. Ugomvi ulikuwa unaanza pale mzee anapochukua ng'ombe wa nyumba hii kumlipia mahari kijana wa nyumba ile halafu anasahau kurudisha, hapo ndugu wanaweza wasisalimiane miaka na miaka, mi nimeona. Mzee mwenye akili alikuwa anatamka deni mbele ya mashahidi.

Abuu Kondoa: Sisi Waislamu huku hiyo ya nyumba haipo. Wake wote kwa pamoja wana thumni kama marehemu ana watoto, yani moja ya nane, wakiwa wawili wanagawana hiyohiyo. Mtoto wa mke mdogo na wa mkubwa hisa yao ni moja, tofauti ni wa kiume na wa kike. Sasa Mgogo aliyesilimu afuate zizi au afuate mirathi? Kwetu mabishano hayaishi.

Mama Wawili: Samahani naingilia, mi nimeishi na baba watoto miaka sita hatujafunga chochote, niko upande gani hapo?

Bi Mwanasheria: Dada, mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na majirani wanawajua kama mume na mke, sheria inadhania mmeoana. Ni dhana lakini, yeye anaweza kuipinga, kwa mfano akionyesha tayari ana ndoa nyingine. Tunza risiti za kiwanja.

Mtembezi: Naongeza ya mbali. Humla, kaskazini magharibi mwa Nepal, kuna watu wanaitwa Wanyinba, kwa mila yao ndugu wa kiume wanaoa mke mmoja kwa pamoja. Sababu kubwa ni shamba, ardhi ya kulima kule milimani ni kidogo. Ndugu watatu kila mtu akioa kivyake shamba linakatwa tatu, wanao wakiwa watatu watatu tayari vipande tisa. Wakioa pamoja linabaki moja, huyu analima, huyu anachunga, huyu yuko safari ya biashara. Mtoto ni wa nani? Mama ndiye anayesema, na wanazingatia sana. Shida zake zipo, mdogo mtu anaweza kukuta mke kamzidi umri sana akajitoa, na wanawake wengine wanabaki bila kuolewa.

Dereva wa Kizota: Kushea na kaka yangu? Hata pikipiki sishei 😂

Mjukuu wa Mvumi: Na sisi tulivyo wanawake wawili mzee mmoja, wao wangetushangaa hivyohivyo.

Mkazi wa Nkuhungu: Asanteni. Kwa hiyo nikifunga ya mke mmoja, ng'ombe nilionao kabla ya ndoa ni wangu au wetu?

Bi Mwanasheria: Vilivyo kwa jina lako vinachukuliwa ni vyako, lakini mkiachana mahakama inaangalia vilivyopatikana kwa jasho la wote wawili, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango. Ndama watakaozaliwa mkiwa pamoja ndio watawaletea mjadala, andikeni idadi leo.