Makato ya mashine ya kadi hayalingani na mkataba, nianzie wapi?

Msimbati84: Wakuu, habari za mchana. Natunza hesabu za nyumba ya wageni hapa Mikindani. Kiambatanisho cha tozo kwenye mkataba wetu na benki kinasema kadi zilizotolewa Tanzania ni asilimia 2, za nje asilimia 3. Ijumaa mashine ilipitisha 3,000,000: kadi za ndani 1,800,000, za nje 1,200,000. Kwa hesabu yangu kamisheni ni 72,000. Kwenye akaunti imeingia 2,893,800, yaani wamekata 106,200. Siku nyingine ni vilevile. Bosi ananiuliza mimi, naombeni msaada.

Fundi_Hesabu: Hiyo ni VAT tu, ndugu. Viwango vya mkataba huwa havijumuishi kodi. Weka asilimia 18 uone.

MamaNtwara: Mimi niko Lindi mjini, lipa namba yangu nayo inanikata ninapotoa hela. Hawa watu wote ni wamoja.

Msimbati84: Dada, ya lipa namba ni mkataba mwingine kabisa. Fundi, nimeweka VAT: 72,000 na 12,960 ni 84,960. Bado 21,240 sijui zimekwenda wapi.

Mzee wa Ligula: Kijana, gawanya 106,200 kwa 3,000,000. Unapata asilimia 3.54, ambayo ni 3 ukiongeza VAT yake. Na hiyo 21,240 ni asilimia 1 ya mauzo ya kadi za ndani pamoja na kodi. Kwa hiyo kadi zote zimekatwa kwa kiwango cha nje. Nimefanya kazi hizi miaka mingi. Mara nyingi mfanyabiashara anasajiliwa kwenye mfumo kwa kiwango kimoja, na hakuna anayerudi kuangalia mkataba.

Usiende benki na jumla ya siku, watakuzungusha. Omba taarifa ya muamala mmoja mmoja, inayoonyesha kiasi, kamisheni, VAT na tarakimu za mwanzo za kadi, maana hizo ndizo zinazotambulisha benki iliyoitoa. Usihukumu kwa sura ya mgeni: Mzungu anayeishi Dar anaweza kuwa na kadi ya ndani, na Mmakonde wa Nairobi akawa na ya nje.

Msimbati84: Shikamoo mzee, na asante. Nimeipata taarifa. Mwalimu mmoja wa Newala alilipa 50,000 kwa kadi ya benki ya hapahapa, akakatwa 1,770.

Mzee wa Ligula: Marahaba. Ilitakiwa iwe 1,180. Andika barua, ambatanisha muamala huo na ukurasa wa tozo wenye sahihi. Lakini kwanza soma kifungu cha mabadiliko ya viwango na cha muda wa kupinga makato.

Fundi_Hesabu: Kweli, hapo nilikosea. Ila wakirudisha, wadai na VAT yake.

Msimbati84: Kifungu kinasema wanaweza kubadili viwango kwa taarifa ya maandishi. Kwenye faili hakuna barua yoyote, lakini meneja aliyepita aliondoka na barua pepe ya ofisi. Muda wa kupinga ni siku 60, na makato haya naona yameanza mapema zaidi. Kuna aliyewahi kurudishiwa ya nyuma ya hapo?

MamaNtwara: Na mimi nataka kujua.