Naomba ushauri: barua ya deni kwa mteja, Kiswahili au Kiingereza?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Nina ofisi ndogo ya uhasibu hapa Mbeya. Mteja wangu mmoja ni AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa parachichi kule Rungwe. Wana deni la miezi mitatu, shilingi 900,000. Mkataba wetu uliandikwa na wakili kwa Kiingereza, na kifungu cha 9 kinaniruhusu kusimamisha huduma kwa muda baada ya taarifa ya maandishi ya siku 30.

Niliandika kwa Kiingereza ili nifuate maneno ya mkataba. Mwenyekiti, mzee wa watu, akampa mwalimu amsomee. Akaelewa kwamba navunja mkataba! Akanipigia kwa uchungu, na kusema kweli sikumlaumu. Kwa simu tunaongea Kiswahili siku zote.

Sasa naandika upya kwa Kiswahili: Kumb. Na., YAH, husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekwama kwenye neno. "Kusitisha" wengine watalisoma kama kuacha kabisa, kwa hiyo nimeweka "kusimamisha kwa muda hadi deni lilipwe, mkataba unaendelea".

Maswali yangu:
Je, barua ya Kiswahili inayotaja kifungu cha 9 inatosha, au niambatanishe na ya Kiingereza na kusema ipi itafuatwa zikitofautiana?
Na zile siku 30 nizihesabu upya tangu wapokee hii ya pili?

Natanguliza shukrani.