Tasnifu imerudishwa: jumla ya alama za dodoso

Mwanafunzi, Wandegeya:
Shikamooni wakubwa, vijana wenzangu habari zenu. Ofisi ya uzamili imenirudishia tasnifu na maoni ya mtahini wa nje. Nilipima wauguzi wanavyoridhika na kazi: vipengele 10, kila kimoja 1 hadi 5, nikajumlisha, kwa hiyo jumla ni kati ya 10 na 50. Hospitali ya serikali imepata wastani 31, ya binafsi 35, nikatumia jaribio la t. Mtahini ameandika hizi ni data za mpangilio: zinaonyesha nani amezidi, si amezidi kwa kiasi gani. Nieleze kwa nini nimezichukulia kuwa za umbali sawa, au nibadilishe uchambuzi. Pasi yangu ya mwanafunzi ya kukaa nchini inakwisha mwezi ujao. Niandike nini? Na nikibadilisha uchambuzi, lazima nirudi kwenye kamati ya maadili ya utafiti, REC?

Kaka wa Kansanga:
Pole dada. Weka mediani na jaribio la Mann-Whitney kila mahali, utapita. Mimi ndivyo nilivyofanya. Pasi ndiyo shida: anza kuomba barua ya msimamizi leo, si kesho.

Mama Ntinda:
Kaka, hapo umemwelekeza nusu njia. Mann-Whitney inapanga zile jumla, lakini jumla imepatikanaje? Ukijumlisha umeshakubali kwamba kutoka 1 kwenda 2 ni sawa na kutoka 4 kwenda 5, na kwamba kipengele cha mshahara kina uzito sawa na cha zamu za usiku. Muuguzi aliyejibu 3 kote ana 30. Aliyejibu 1 mara tano na 5 mara tano naye ana 30. Kubadili jaribio hakuondoi hilo.

Binti Tanga, Mbarara:
Si sampuli ikizidi 30 hakuna neno? Ndivyo tulivyofundishwa.

Mama Ntinda:
Hiyo ni kanuni ya wastani wa sampuli kuukaribia mkunjo wa kawaida, mwanangu. Haisemi lolote kuhusu umbali kati ya alama. Hata Stevens, aliyezipanga skeli hizi 1946, alikiri kwamba watu wanaokokotoa wastani wa data za mpangilio mara nyingi wanapata matokeo yenye manufaa. Kwa hiyo usiandike kwamba data zako *ni* za umbali sawa. Andika kwamba umezichukulia hivyo kwa makadirio, kisha onyesha makadirio hayo yanabeba dai gani. Dai la kwamba binafsi wanaridhika zaidi ni jepesi. Dai la kwamba tofauti ni alama 4 ni zito zaidi: kutoka 12 hadi 16 huenda mtu ametoka kukata tamaa akafikia kulalamika tu, na 44 hadi 48 ikawa si kitu.

Chora asilimia jumlishi kwa kila hospitali: kwa kila alama, ni wangapi wako hapo au chini yake. Mstari wa serikali ukikaa juu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatana na wa binafsi, basi hata uvute skeli namna gani, mradi mpangilio haubadiliki, wastani wa binafsi hautashuka chini ya wa serikali. Hiyo ni hoja mtahini ataipima mwenyewe kwa macho.

Mzee wa Gulu:
Nami nilirudishiwa kazi kwa sababu nilikuwa na jumla ya 7 kwenye skeli inayoanzia 10. Nafasi zilizoachwa wazi zilihesabiwa sifuri. Angalia jumla ndogo kuliko zote kwanza. Na vipengele vya kukanusha, umevigeuza? Nyumbani tungelimaliza hili barazani kwa kahawa na kashata; huku nakaa na makaratasi peke yangu.

Mwanafunzi, Wandegeya:
Nimevigeuza, mzee, na ndogo kabisa ni 13. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi vipengele vinavyoendana, ni 0.84, si inatosha kusema vyote vinapima jambo moja? Mistari nimeichora, mama. Inakatana juu: hadi alama 45 wamo asilimia 90 wa serikali, lakini 94 wa binafsi.

Mama Ntinda:
Alfa haisemi hivyo! Inaweza kuwa kubwa hata kama una mafungu mawili, mshahara huku na uhusiano na wakubwa kule. Fanya uchambuzi wa vipengele fiche uone. Na kama mistari inakatana, iandike wazi kwenye mipaka ya utafiti: kuna wachache wa serikali walioridhika sana, na kama hatua za juu ya 45 ni pana mno kuliko za chini, matokeo yanaweza hata kugeuka. Sema kwa nini hudhani ni pana hivyo. Mann-Whitney iweke kando ya jaribio la t, ila usidai kwamba kukubaliana kwao kunathibitisha umbali sawa.

Binti Tanga, Mbarara:
Lakini msimamizi wangu anasema wastani wa vipengele ni bora kuliko jumla.

Mama Ntinda:
Ni jumla ileile imegawanywa kwa 10, kama hakuna pengo. Haibadilishi kitu.

Mwanafunzi, Wandegeya:
Asante mama, naanza na kuandika upya ukurasa wa mipaka. Na REC je? Kuna aliyewahi kubadilisha uchambuzi baada ya kibali?

Kaka wa Kansanga:
Barua ya msimamizi umeshaiomba? Wangu alisafiri wiki mbili.