ETI NIRUDI KWENYE REDIO YA BETRI!

MtotoWaJinja: Yule muuza hedifoni wa ghorofani hapa Kampala, nyote mnamjua, sihitaji kumtaja. Aliapa zitashika laptopu na simu kwa pamoja. Zinashika kweli, lakini nikishamaliza mkutano kwenye laptopu, nikibonyeza muziki kwenye simu, kimya kama kaburini! Nimejaribu kumrudishia leo, duka limejaa hadi ngazini, akaniambia: "Mzee, rudi kwenye redio ya betri." Redio ya betri! Pesa yangu kaila, halafu redio ya betri, mbele ya watu! Kicheko chao kimesikika mpaka Entebbe.

Kasese_Baridi: 😂😂 Redio ya betri ngapi, mbili au nne?

DogoNtinda: Hiyo ni Bluututhi ya zamani. Multipointi, yaani kushika vifaa viwili pamoja, inataka toleo la 5.

FundiWaSauti: Hapana dogo, multipointi ilikuwepo kabla ya 5. MtotoWaJinja, mkutano ukiisha, sauti ya laptopu ikoje?

MtotoWaJinja: Nyembamba, ya kukwaruza. Na yule mtu kasema redio ya betri!

FundiWaSauti: Basi maikrofoni bado iko wazi. Hedifoni hazichanganyi sauti, hucheza chanzo kimoja tu. Laptopu ikitumia maikrofoni ya hedifoni, huacha njia ya muziki na kushika njia ya mazungumzo, na hedifoni nyingi huyapa mazungumzo kipaumbele mbele ya muziki. Umefunga dirisha tu, mkutanoni hujatoka. Toka kabisa, kisha ifunge programu yenyewe kwenye alama yake chini kulia, karibu na saa.

Ikijirudia, kwenye Windows 10 fungua Control Panel, Devices and Printers, bonyeza kulia hedifoni, Properties, Services, ondoa tiki ya Handsfree Telephony. Mkutanoni chagua maikrofoni ya laptopu. Hasara ni kwamba wenzako watamsikia jogoo wa jirani. Simu ukipigiwa, utaongea kwa hedifoni kama kawaida.

MamaArua: Fundi mwanangu, zangu nikiunganisha runinga, simu inakatika. Ni ugonjwa huo huo?

FundiWaSauti: Hapana mama. Nyingi hushika vifaa viwili tu kwa wakati mmoja. Laptopu, simu na runinga ni vitatu, kimoja lazima kitoke.

MamaArua: Sasa nani atoke? Runinga ni ya mume wangu.

MtotoWaJinja: Nimetoka mkutanoni kabisa, muziki wa simu umerudi. Lakini ukija ujumbe kwenye laptopu unakatika kidogo. Na hamjasema lolote kuhusu redio ya betri!

FundiWaSauti: Zima milio ya arifa kwenye laptopu. Kila mlio unaomba nafasi. Kuna hedifoni zinazokataa kuukatiza muziki, kuna zinazoukatiza papo hapo. Zako sijui ni zipi.

Kasese_Baridi: Wewe umetukanwa tu. Mimi aliniuzia chaja, nikaomba risiti, akaniuliza kama nataka na cheti cha ndoa.

MamaArua: Wa kofia nyekundu? Huyo huyo! Bado ana chenji yangu!